Raba za kaboni siku ya marathon: jipime kwanza kabla hujatoa elfu thelathini

Mwaka jana binamu yangu wa Likoni alinunua raba za pleti ya kaboni, zile zenye soli nene kama mkate wa boflo, akaniletea nyumbani nizione. Bahati nzuri sote tunavaa 42, kwa hivyo mie nikamwambia basi usizichezee bado, tuzipime mimi na wewe tujue kama ni kweli ama ni maneno ya madukani. Yeye anakimbia marathon kwa masaa 3 na dakika 9 na anautaka 3:05, mimi ni mtu wa 4:40 na nikimaliza nikiwa bado natabasamu nashukuru Mungu. Raba moja, watu wawili, na majibu yalikuwa mawili tofauti kabisa. Ndio naandika hapa jinsi tulivyofanya ili na wewe ufanye kabla pesa haijatoka, maana dukani hakuna atakayekwambia usinunue.

Kwanza tuelewane hii kitu inafanya nini, kwa sababu wengi wanadhani kaboni ni springi inayokurusha. Sio hivyo. Kazi kubwa inafanywa na sponji, ile ya PEBA, ambayo ni nyepesi sana na ukiikanyaga inakurudishia sehemu kubwa ya nguvu uliyoweka badala ya kuimeza kama sponji ya raba za kawaida. Pleti yenyewe inaifanya soli iwe ngumu na yenye mpindo, mguu unabingirika kwenda mbele na vidole havikunjiki sana. Kuna watafiti Marekani waliwahi kuikata ile pleti kwa msumeno ndani ya raba za Vaporfly za Nike kisha wakapima wakimbiaji upya, na tofauti waliyoipata ilikuwa ndogo mno. Kwa hivyo mtu akikuuzia raba yenye pleti lakini sponji yake ni ile ya kawaida, amekuuzia ugumu tu.

Sasa ile asilimia 4 mnayoisikia ilitoka wapi. Vaporfly ya kwanza ilitoka 2017, mwaka ule ule Kipchoge alipokimbia marathon kule Monza, Italia, kwa 2:00:25, na jina lake lilikuwa na hiyo 4% kabisa. Utafiti wake ulipima wanaume 18 wenye kasi, kwenye spidi za kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Soma hizo spidi tena. 14 kwa saa ni kama dakika 4 na sekunde 17 kwa kilomita, yaani hata spidi ya polepole kabisa kwenye kile kipimo ni ya mtu wa marathon ya kama masaa matatu. Na hiyo 4 ni wastani wa nguvu inayotumika, sio muda wa saa. Mtu mwenye mbio akiokoa 4 ya nguvu, kwenye muda anapata pungufu ya hapo, kwa sababu ukiongeza spidi upepo nao unakukaba zaidi.

Halafu baadaye wakaja wengine wakawapima watu wa spidi zetu sisi, kilomita 10 na 12 kwa saa, na wastani ukashuka mpaka kama asilimia 1 hivi, ukiwa 10 ni chini kidogo ya 1 na ukiwa 12 ni 1 na nusu kasoro. Na ndani ya wastani huo kuna watu waliotumia nguvu ZAIDI wakiwa na zile raba kuliko raba za kawaida. Wala usidhani ni sisi wazembe peke yetu, kuna utafiti wa 2023 uliowapima Wakenya wa kiwango cha dunia na mmoja alipata faida zaidi ya asilimia 11 na mwingine akapata hasara ya zaidi ya 11 hiyo hiyo, ukilinganisha na raba bapa ya mashindano. Yaani mguu wako una maoni yake na huwezi kuyajua kwa kusoma kwenye boksi.

Hatua ya 1: piga hesabu ya pesi yako kwanza

Chukua muda unaotarajia kwa ukweli, sio ule unaowaambia watu, ubadilishe uwe dakika kwa kilomita. Binamu na 3:05 yake ni 4:23 kwa kilomita. Mimi 4:40 ni 6:38. Kwa binamu, hata tukisema raba itampa asilimia 2 tu ya muda, hizo ni dakika 3 na sekunde 40 hivi, na yeye anatafuta dakika 4, kwa hivyo kwake hii ni hesabu ya maana. Kwangu mimi asilimia 1 ni dakika 2 na sekunde 48, na hiyo ni kama niko upande wa bahati. Dakika 2 na sekunde 48 mimi huwa nazipoteza kwenye meza moja ya maji nikipiga stori.

Mstari wangu mimi ninaouchora: ukiwa chini ya 5:00 kwa kilomita jipime, kuna uwezekano mzuri. Kati ya 5:00 na 6:00 jipime lakini azima, usinunue kwanza. Ukiwa juu ya 6:00, soma hatua ya 4 kabla ya yote.

Hatua ya 2: hakikisha raba ni yenyewe

Hii naiweka kwa sababu niliwahi kuumia. Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia jozi kwa 9,500, rangi ile ile, maandishi yale yale, nikaipeleka kwa jirani mwenye duka tukaiweka kwenye mizani yake ya vitunguu. Kiatu kimoja gramu 274. Raba nyingi za kweli za aina hii kwa saizi 42 zinacheza kati ya gramu 180 na 230. Jirani mwenyewe akacheka, akaniambia, "Kaka, hiki kizito kuliko sukari ya nusu robo mara mbili na bado haijafika robo tatu ya bei."

Kwa hivyo pima kwa mizani, halafu shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha ya vidole kwa mkono mwingine ujaribu kuikunja. Ya kaboni inakataa, inagoma kabisa pale penye vidole. Lakini kugoma peke yake haitoshi maana plastiki ngumu nayo inagoma, ndio maana mizani inakuja kwanza. Kama ni mtumba, bonyeza sponji kwa kidole gumba ubavuni: nzuri inaingia ndani laini na kurudi hapo hapo, iliyokufa ina mikunjo mingi kama ngozi ya tembo na inarudi kwa uvivu. Na hapa jua kwamba hizi sponji hazina maisha marefu, kuna kipimo kilionyesha kwamba baada ya kilomita 450 faida ya PEBA juu ya sponji ya kawaida imeshapotea. Mtumba uliokimbiwa na mtu Ulaya mpaka akauchoka, unanunua pleti na kumbukumbu zake.

Hatua ya 3: kipimo chenyewe (hapa ndio kazi iko)

Unahitaji saa ya GPS, mkanda wa kifuani wa mapigo ya moyo kama unaweza kuupata kwa sababu ile ya mkononi ukitoa jasho la Mombasa inadanganya sana, raba yako ya kawaida ambayo bado nzima, na hiyo ya kaboni. Tuseme ya kawaida ni A na ya kaboni ni B.

Shida kubwa ya kupima hapa kwetu ni joto. Ukikimbia raundi ya kwanza na A halafu ya pili na B, moyo wa raundi ya pili utakuwa juu tu hata kama umevaa malapa, kwa sababu mwili umepata moto na maji yamepungua. Mtu anayepima hivyo atasema raba mbaya. Akigeuza, aanze na B, atasema raba nzuri ajabu. Dawa yake ni kupanga A, B, B, A. Hivyo A inapata raundi ya baridi na raundi ya moto, na B inapata zile za katikati, na ile joto inajigawa sawa pande zote.

Sisi tulienda Mama Ngina hapa Mombasa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua halijatoka na kabla ya watu wa mihogo na madafu hawajapanga. Kila raundi ni kilomita 2, kilomita moja kwenda na moja kurudi, na hii ya kwenda na kurudi ni lazima kwa sababu ilikuwa msimu wa kusi na ule upepo wa baharini ukikusukuma upande mmoja tu utakuharibia hesabu yote. Pasha mwili dakika 15 kwanza na raba nyingine yoyote. Kisha kimbia raundi kwa pesi yako ya marathon, usizidi wala kupunguza zaidi ya sekunde 3 kwa kilomita, na hii ndio watu wanashindwa, wakivaa B wanachangamka wanaanza kupepea. Pumzika dakika 4 kamili kati ya raundi, badilisha raba, na hata pale B inapofuata B zivue uzivae tena ili mapumziko yalingane. Soksi zile zile, maji mdomo mmoja, hakuna sukari wala jeli katikati.

Unachoandika ni wastani wa mapigo ya ile kilomita ya pili tu ya kila raundi, kwa sababu ya kwanza moyo bado unapanda.

Binamu kwa pesi ya 4:25 alipata hivi: A 158, B 155, B 158, A 163. Wastani wa A ni 160 na nusu, wa B ni 156 na nusu. Mapigo 4 pungufu kwa pesi ile ile. Jumamosi iliyofuata nikaenda mimi kwa 6:40: A 151, B 152, B 155, A 157. A ni 154, B ni 153 na nusu. Nusu pigo! Nikamwambia binamu, hii nusu pigo ningeipata kwa kwenda msalani kwanza.

Jinsi ninavyoisoma mimi: tofauti ikiwa chini ya mapigo 2 ni kelele tu, usiijengee nyumba. Ikiwa 3 kwenda juu, rudia asubuhi nyingine, na ikitokea tena basi raba inakusaidia. Binamu alirudia akapata 3. Najua mtu atasema ukijua umevaa raba ya elfu thelathini akili nayo inakimbia, na ni kweli, huwezi kujifunga macho, lakini mbona mimi akili yangu haikukimbia.

Kitu kingine cha kuandika, sio namba: siku mbili baadaye ni wapi panauma. Hizi raba zinahamisha kazi, sehemu nyingine za mguu zinapumzika na nyingine zinabeba zaidi. Ukiamka na uchovu wa kawaida sawa. Ukiamka na kitu kinachokuchoma sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, hapo ndipo tunaingia hatua ya 4.

Hatua ya 4: nani aziache

Wa kwanza ni mtu mwenye historia ya maumivu juu ya mguu, pale katikati kwenye upinde, kidogo mbele ya kifundo. Hapo kuna mfupa mdogo ambao madaktari wa michezo wamewaona wakimbiaji wakiupasua nyufa baada ya kutumia raba za kaboni, walichapisha visa vitano 2023. Visa vitano sio vingi na hawakusema kila mtu ataumia, ila huo mfupa ukipata ufa unapona kwa taabu. Jipime hivi: bonyeza hapo juu kwa kidole, ukiruka kwa maumivu simamisha mbio, usiseme nitamalizia wiki hii. Na eksirei ya kawaida inaweza isionyeshe kitu ukaambiwa uko sawa, ufa wa hapo mara nyingi unaonekana kwa MRI.

Wa pili ni yule anayejua kilomita 10 za mwisho atatembea. Mimi huyo. Raba hizi ni ndefu, sheria ya World Athletics inaruhusu soli mpaka milimita 40 na pleti moja tu, na nyingi zinakaribia hapo, sponji laini na kisigino chembamba. Ukiwa unakimbia kwa kasi mguu unagusa na kuondoka. Ukiwa umechoka unatembea, kisigino kinakaa chini muda mrefu na kile kiatu kinayumba kulia na kushoto, kifundo kinafanya kazi ya kukushikilia kila hatua. Niliwahi kutembea nazo baada ya kipimo kutoka Mama Ngina mpaka ferry, mbali hata sio sana, vifundo vikanilalamikia mpaka jioni. Sasa fikiria kilomita 10 za hivyo.

Wa tatu ni mwenye kifundo kinachopinda kwa ndani sana ama kilichowahi kuteguka, sababu ni hiyo hiyo ya kuyumba. Na wa nne ni mtu wa marathon ya kwanza, ambaye bado hajui hata mguu wake ukifika kilomita 35 unafanya nini, huyo akiumia hatajua ni raba, ni mazoezi ama ni ile chapati ya asubuhi.

Ukiwa kwenye hili kundi na bado unatamani kitu chepesi, ziko raba za sponji nzuri bila pleti, na ziko zenye pleti ya nailoni kama Saucony Endorphin Speed ambayo inakunjika kidogo na inakusamehe zaidi. Bei yake pia inalipika.

Hatua ya 5: kama umefaulu kipimo, zitayarishe

Usizivae kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Binamu alizitumia kwa mbio moja ndefu ya kilomita 26, za mwisho 10 kwa pesi ya marathon, na zoezi moja la kilomita 12, basi, nyingine zote alikimbia na raba za kila siku. Ile ndefu usiifanye wiki ya mwisho, fanya wiki 3 kabla ili vigimbi vipate muda wa kupoa. Ukizivaa kila siku unamaliza sponji na unazoesha mguu kazi moja.

Saizi ichunguze mwisho wa mbio ndefu, sio dukani asubuhi. Kwa joto letu mguu unavimba, kidole gumba cha mkono kiingie kwa upana kati ya kidole kirefu na ncha ya raba. Binamu alitoka na ukucha mmoja mweusi kwenye zile 26, akabadilisha namna ya kufunga kamba akavuta zaidi pale juu kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele, tatizo likaisha.

Angalia na barabara. Soli zake za chini ni nyembamba, kwenye lami kavu zinashika vizuri lakini kwenye kabro iliyomwagikiwa maji au yenye mchanga mchanga, kama pale karibu na meza za maji, kata kona polepole. Usiziache kwenye buti ya gari mchana, gundi na sponji hazipendi ule moto, na jasho likikauka ndani zitie karatasi za gazeti, sio juani.

Na kama mbio zako ni za Nairobi, usitegemee raba ikulipie urefu wa mita 1,700 na kitu. Sisi wa chini huku tukipanda kule pumzi inakatika kwa dakika nyingi kuliko zile tatu au nne za kiatu, kwa hivyo shusha lengo kwanza halafu ndio uvae raba. Binamu alienda Oktoba akapanga 3:12, akamaliza 3:11 na sekunde kadhaa, akanipigia simu analalamika vigimbi lakini juu ya mguu hakuna kitu, nikamwambia bonyeza tena nikiwa kwenye laini, akabonyeza, kimya.

Zile raba sasa ziko juu ya kabati kwake Likoni, ndani ya ulimi wa kiatu cha kushoto amebandika kipande cha plasta ameandika kwa biro: 4+4+4+26+12+42 = 92. Hizo 4 za pili ni zangu, na kila nikienda ananikumbusha kwamba ananidai kilomita.